Vifungo Vilivyobadilishwa

Fundi mmoja wa nguo alikuwa na mazoea ya kushika pini midomoni akishona, na watu wakamwita Mama Pini. Walimtania kwamba ndiyo maana hatoboi siri: akifungua mdomo, atazimeza. Kwa miaka kumi na moja alishika huduma ya misaada kanisani kwao, na hakuna aliyepata kujua kwake ni nani alisaidiwa.

Nyumba ya dereva mmoja, muumini mwenzao, ilipoungua mchana kweupe, Mama Pini hakukimbilia kutangaza. Alikwenda kwanza kwa shemeji wa dereva, walikojihifadhi, akakaa uani na mke wa dereva.

"Niseme nini, na nisiseme nini?" akamuuliza.

Mke wa dereva akapunguza sauti. "Sema nyumba imeungua. Lakini, dada yangu, mume wangu hana kazi, miezi minane sasa. Kila asubuhi anatoka na mfuko wake kama anayekwenda zamu. Siku ile ya moto alirudi mapema, akabandika chai, usingizi ukamchukua. Hata watoto hawajui kama alifukuzwa."

"Halitatoka," alisema Mama Pini.

Jumapili tangazo likasomwa: familia moja ya waumini imepatwa na moto, wanahitaji magodoro, sufuria, sare za shule, viatu vya watoto. Jina halikutajwa. Umri nao haukutajwa. Aliomba saizi nyingi kuliko zilizohitajika, ili mtu asihesabu watoto akajua ni akina nani. Waliojua walijua, lakini hakuna aliyelazimika kujua.

Mifuko ililetwa imefungwa dukani kwake, kama vile watu wanaleta nguo za kupunguzwa. Zilizochakaa alizitoa akazikata matambara ya kudekia. Nguo za ndani zilinunuliwa mpya. Kisha akaingia kwenye kazi aliyoipenda. Mashati alibadilisha vifungo, magauni akahamisha mifuko, sketi ya mauamaua akaitumbukiza kwenye rangi ya buluu iliyokolea. Hakutaka mtoto asimame uwanjani shuleni, mwenzake amwambie, "Hilo shati lilikuwa langu."

Utaratibu ulitaka mtu wa pili ajue ukweli, asije mmoja akagawa apendavyo. Huyo alikuwa mwenyekiti wa akina mama, shoga yake wa miaka ishirini, chanda na pete. Ndiye aliyekaa na Mama Pini hospitalini alipojifungua kitinda mimba. Mama Pini akamweleza yote, pini zikiwa mezani.

Jumapili ya tatu magodoro yalikuwa bado hayajatimia. Mwenyekiti akasimama mbele.

"Wapendwa, tusifichane. Dada yetu, njoo hapa tukuombee."

Mke wa dereva aliinuka bila kuelewa, mtoto mgongoni. Mwenyekiti akamshika bega, akaeleza kwa sauti ya huruma: mume aliyefukuzwa kazi, mfuko wa kila asubuhi, chai iliyoachwa jikoni. Akina mama wakalia. Simu zikainuliwa kupiga picha. Vitenge na mashuka vikarundikwa miguuni pake, mpaka mwanamke yule hakuwa na pa kukanyaga.

Hakumtazama mwenyekiti hata mara moja. Alimtafuta Mama Pini kwenye mabenchi, akamkazia macho, kisha akainamisha kichwa.

Nje, Mama Pini alimvuta shoga yake ukutani. "Nilikuambia wewe. Wewe peke yako."

"Nawe! Umeona magodoro? Saba! Watu wanatoa wakijua wanampa nani."

"Umemvua nguo mbele za watu."

"Nimemvika," alijibu mwenyekiti, na alimaanisha alivyosema. Hilo ndilo lililomkata Mama Pini maini. Angejuta, wangelia pamoja.

Jumanne dereva alikuja dukani mwenyewe. Hakubeba mfuko. Alikataa kukaa.

"Mke wangu anasema wewe ndiye uliyesema."

Jina la mwenyekiti lilimfika Mama Pini kwenye ncha ya ulimi. "Nilimwambia mtu mmoja," akasema. "Kwa hiyo ndiyo, nilisema. Nisamehe, kaka."

Dereva alizitazama nguo zilizokunjwa. Akachukua sare za watoto na viatu. Vingine vyote akaviacha, na magodoro saba yakabaki stoo ya kanisa. Mwezi haukuisha, wakahamia mji mwingine kwa ndugu wa mke.

Mama Pini alirudisha ufunguo wa stoo, akaiacha huduma. Mwenyekiti alituma watu wamsihi, kisha akaja mwenyewe, amebeba kitenge cha kushonwa. Mama Pini alimpima kifua, kiuno na nyonga, akaandika, akamtajia siku ya kuchukua. Hakumkaribisha chai.