Mwanne na Wasifu wa Kazi wa Bwana Eustace

Wifi yangu Mwanne binti Mabruki hasahau. Watu wa hapa Gongoni wanamsema ana roho ngumu, na mimi nawajibu ndiyo, ni ngumu, na mngefanyiwa nyinyi aliyofanyiwa yeye mngekwisha kufa kwa presha. Mimi ni Swaumu, mumewe ni kaka yangu wa tumbo moja. Nina chumba cha kuchapa hapa Tabora mjini, njia ya sokoni. Zamani nilikuwa na mashine ya taipu, siku hizi nina kompyuta mbili na moja yake mbovu. Wanaotafuta kazi wote wanapitia kwangu kuchapisha wasifu wa kazi, wenyewe wanauita sivii. Basi nimeona uongo wa kila aina, lakini huyo Eustace katika wasifu wake hakudanganya, na ndicho kilichommaliza.

Mwanne alianza kazi miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya Ujamaa. Alikuwa binti mbichi kamaliza kidato cha nne, akapewa ukarani wa masjala, yaani chumba cha mafaili, katika ofisi moja ya serikali ambayo siitaji. Kila kijiji kilikuwa na faili lake. Barua ikiingia inapewa namba kwa wino mwekundu, inafungwa juu ya iliyotangulia, na jibu lake linafungwa juu yake. Ukifungua faili unasoma mazungumzo mwanzo hadi mwisho: nani katolewa wapi, kaahidiwa nini, na nani.

Ndipo akaja Eustace. Kijana wa misheni, shati limenyooka, katoka kusomea ukutubi, kazi ya maktaba, na kapewa cheo cha kusimamia chumba chote. Alikuwa anajua kupanga vitabu, sikatai. Kitabu cha elimu kinakwenda namba mia tatu sabini, cha kilimo mia sita thelathini, msomaji anakwenda rafuni na kuchukua. Kwa vitabu ni sawa kabisa. Sasa bwana huyu akaamua na mafaili ya vijiji yafuate mtindo huohuo. Aliagiza kamba zikatwe, barua zitolewe, za shule zikae pamoja, za maji pamoja, za mashamba pamoja, vijiji vyote vikichanganywa. Majalada matupu aliyatoa yakageuzwe na kutumika upya, maana karatasi zilikuwa shida. Mwanne alifanya alivyoagizwa. Wakati ule hakuwa na elimu ya kumpinga, na hata angekuwa nayo, nani angemsikiliza.

Mwaka wake wa pili akaja mzee mmoja, Masolwa, mrina asali kutoka njia ya zamani ya misafara, huko kuelekea Sikonge. Alipohamishwa aliahidiwa kwa maandishi kwamba ataruhusiwa kurudi pori lake la zamani kuangalia mizinga. Sasa mtu mwingine kaingia porini mle anasema ni kwake. Mwanne alitafuta, akaipata barua kwenye fungu la nyuki, mia sita thelathini na nane. Imeandikwa: mwombaji aliyetajwa katika barua yake aruhusiwe kuendelea kutunza mizinga mahali alipoomba. Basi. Jina la mzee limo katika barua yake ya kwanza, na barua hiyo haijulikani imekwenda fungu gani. Jina la kijiji lilikuwa kwenye jalada, na jalada limekwishageuzwa. Ikawa ni karatasi ya serikali isiyomtaja mtu wala mahali. Masolwa alipoteza pori lake na mizinga yote.

Mkubwa wa ofisi akaja juu, akataka kujua nani kavuruga. Eustace akaandika kwa mkono wake kwamba karani Mwanne Mabruki alitoa barua kwenye mafaili bila idhini, kwa uzembe. Bila haya. Mwanne akapewa barua ya onyo, akafutwa katika majina ya waliokuwa waende masomoni, akahamishiwa Sikonge kuhesabu stoo. Mjini maneno yakaenea kwamba binti wa Mabruki kauza makaratasi ya watu apate pesa. Baba yake alikuwa fundi cherehani anayeheshimika, kila baada ya swala ya alasiri anakaa barazani na wenzake. Aliacha kukaa. Alikuwa akitoka msikitini anapitiliza nyumbani, na alikufa hivyo, watu wakiamini bintiye mwizi.

Hilo ndilo lililomkaa Mwanne rohoni, kuliko cheo.

Kazi aliifanya. Aliporudi mjini aliwekwa maktaba, akajisomea hadi akapata stashahada, na humo ndimo alimosoma kwamba mafaili ya ofisi hayapangwi kwa mada hata siku moja. Yanaachwa katika mpangilio aliouacha mwenyewe aliyeyaandika. Alinisimulia siku ileile. Aliandika kadi za katalogi, ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada, na zilipokuja kompyuta akahamisha kadi zote humo. Jumamosi alikuwa anawafundisha wanafunzi na walimu namna ya kutafuta kitabu wenyewe, anawapa jina la uongo la mwandishi waone watakitafutaje kwa mada. Lakini kila cheo kilipokaribia, barua ile ya onyo inachomoza katika faili lake la utumishi. Aliomba iondolewe, akajibiwa alete ushahidi kwamba hakuwa yeye. Ushahidi aupate wapi? Mkubwa yule alikwisha kufa. Aliyebaki anayejua ni Eustace, na Eustace alikuwa anamsalimia mtaani vizuri tu, kana kwamba hapakutokea kitu.

Mwaka elfu mbili na sita likatoka tangazo. Nyaraka za vijiji vya zamani zitaingizwa kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, na anatakiwa msimamizi wa mradi mwenye uzoefu wa katalogi, wa kutunza nyaraka na wa kufundisha watumiaji. Eustace akaja kwangu na karatasi zake. Alikuwa na kipara sasa na tumbo dogo.

"Bi Swaumu, nichapie vizuri, kazi hii ni yangu," akaniambia.

Nikasoma. Katikati kulikuwa na mstari mmoja: alishiriki kupanga upya kumbukumbu za vijiji kwa mada. Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Na chini, kwenye wadhamini watatu, jina la pili ni la Mwanne. Wallahi, mtu huyu alikuwa amesahau. Alimwaga maji ya moto juu ya mtu, akasahau.

Alipotoka nilimpigia Mwanne simu, nikamwambia nitamharibia, nitaweka tarehe za uongo mpaka wamwone tapeli.

"Usiguse hata nukta, wifi," akasema. "Akija kwangu kuniomba udhamini nitamsaidia."

Nilidhani anaumwa. Kesho yake walikuja pamoja chumbani kwangu. Mwanne kajitanda khanga mpya, uso mkunjufu, anamwita kaka Eustace. Mimi nimekaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyemeza shubiri.

"Huu mstari wa kumbukumbu za vijiji umejipunja," Mwanne akamwambia. "Wanataka msimamizi, wewe unaandika 'nilishiriki'. Ulishiriki na nani? Si wewe ndiye uliyeagiza?"

"Ni kweli, nilikuwa mimi," Eustace akasema, akafurahi. "Nilidhani ni mambo ya zamani."

"Ndiyo hayohayo wanayoyatafuta. Eleza ulifanyaje."

Akaeleza, nami nikachapa. Kwamba yeye mwenyewe, kwa uamuzi wake, aliagiza barua zitolewe katika mafaili ya vijiji na kupangwa kwa mada kwa namba za maktaba. Kwamba aliagiza majalada ya zamani yatumike upya ili kuokoa karatasi. Kwamba karani mmoja alitekeleza chini ya maelekezo yake. Hiyo ya karani Mwanne ndiye aliyemkumbusha, ionekane alikuwa na watu chini yake. Akaongeza na mafunzo aliyowapa makarani juu ya namba zile. Chini kabisa ikaja ile sentensi ya kawaida, nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli.

"Weka saini kila ukurasa," Mwanne akasema, "na mimi unipe nakala yenye saini, mdhamini lazima ajue anachodhamini."

Akaweka, na akanishukuru mimi pia.

Usaili ulisimamiwa na mtaalamu wa nyaraka kutoka Dodoma, Bibi Apolinaria, mama mfupi asiye na haraka. Mwanne aliitwa siku hiyohiyo kama mdhamini, na akanisimulia alipotoka. Eustace alikuwa amekwisha kujieleza, na kila alipoulizwa alizidi kujisifu. Bibi Apolinaria alimuuliza kompyuta itajuaje barua na jibu lake ni vya faili moja. Eustace akasema kompyuta itatafuta yenyewe. Akaambiwa kompyuta haijui kitu. Inapokea picha, na kila picha inapewa namba ya faili na namba ya barua ileile ya wino mwekundu, na pasipo faili hakuna cha kuipa. Ukiingiza vurugu, unatunza vurugu milele. Kisha Mwanne akaingia, akaulizwa kama aliyoandika huyu bwana ni kweli.

"Kila neno," Mwanne akajibu. "Nilikuwapo. Mimi ndiye karani huyo."

Bibi Apolinaria akasema nusu ya bajeti ya mradi itakwenda kwenye kutafuta kila barua ilitoka faili gani, na sasa angalau wanajua ni kazi ya nani.

Kutoka pale Mwanne alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi na nakala yake yenye saini. Akaiweka mezani. Eustace mwenyewe anasema aliagiza yeye, kwa uamuzi wake, na karani alifuata maelekezo. Ile barua ya onyo ikafutwa wiki hiyo kwa maandishi. Mwanne alinipa maandishi hayo nitoe nakala, tukazipeleka msikitini baada ya alasiri, na imamu akawasomea wazee waliobaki. Wengi wa marafiki wa baba yake walikuwa kaburini. Waliosikia walikuwa wanne, na mmoja haoni vizuri.

Eustace kazi hakupata. Alikuja chumbani kwangu, akamkuta Mwanne kakaa anakunywa chai. Habari za afisa utumishi zilikuwa zimemfikia. Hakupiga kelele, nitamsifu kwa hilo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kumbe miaka yote ulikuwa unalibeba lile," akasema. "Kwa nini hukuja tu, Mwanne, tukazungumza? Ningekuomba radhi. Tungekwenda wote hadi kwa marehemu mzee wako."

Mwanne akaweka kikombe chini.

"Ungeniomba radhi," akasema, "halafu ule mstari ungeufuta."

Eustace akavaa kofia yake, akaondoka. Mwanne aliomboleza siku ile, nikamsikia analia chooni kwangu, analitaja jina la baba yake.