Kula Mbele ya Mama Mkwe

Kazi yangu hospitalini ni kuhesabu chakula cha wagonjwa. Majirani zangu wa Kondele nikiwaambia mimi ni mtaalamu wa lishe huuliza kama ndimi ninayepakua ugali wa wadi, nami siku hizi nimechoka kubisha, nawaambia ndiyo. Kuna miaka nilikuwa naeleza. Nilikuwa na nguvu wakati huo.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi ya wote alikuwa mkata miwa kutoka upande wa Muhoroni. Walikuwa wanachoma shamba kabla ya kukata, upepo ukageuka, moto ukamkuta upande asioutarajia. Alifika Kisumu akiwa ameungua kifua, tumbo, kipande cha mgongo na mikono yote miwili hadi vidoleni. Daktari wa upasuaji alikadiria asilimia thelathini na tano ya mwili. Miguu ilikuwa mizima, na hiyo ilikuwa bahati, maana ngozi ya kupandikiza ingetoka mapajani.

Watu wengi hudhani aliyeungua anahitaji dawa na maji tu. Maji anahitaji, tena mengi, siku za kwanza. Lakini mwili ulioungua namna hiyo haupumzishi moto wake wa ndani. Hata mtu akilala kimya, mwili unafanya kazi kama wa mtu anayelima, na usipopewa chakula unaanza kujila wenyewe, misuli kwanza. Ndiyo maana mpira wa kulishia uliingizwa puani mwake siku ileile aliyofika. Tulianza polepole, tukaongeza kidogo kidogo kadiri tumbo lilivyokubali.

Kumpima kuliniumiza kichwa. Mizani ya kitanda ilisema kilo sitini na tisa, lakini sehemu yake ilikuwa uongo: maji aliyotiwa mshipani yalikuwa yamemvimbisha, na bendeji nazo zina uzito wake. Ukihesabu chakula kwa uzito wa uvimbe, utamlisha mtu ambaye hayupo. Mkono sikuweza kuuzungushia utepe, ulikuwa kidonda kitupu. Nikapima urefu wake akiwa amelala, nikazungushia utepe kwenye shavu la mguu, halafu nikampigia mkewe simu. Mke alikuwa ametoka tu kujifungua kwa upasuaji na hakuweza kusafiri. Alikumbuka kwamba mumewe alipougua malaria msimu uliopita zahanati ilimpima kilo sitini. Nikaishika hiyo sitini.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kanuni ya zamani ingetaka nimpe kalori karibu elfu mbili mia tisa kwa siku, lakini kanuni hiyo inajulikana kwa kushibisha kupita kiasi, na ukimjaza mtu aliyeungua, sukari yake hupanda na ini hujaa mafuta. Nilianza na elfu mbili mia tano, nikisema nitarekebisha kadiri mizani itakavyoniambia. Protini nilimwekea gramu mia moja na ishirini, yaani gramu mbili kwa kila kilo. Ukitaka kujua huo ni mzigo gani, weka mezani mayai sita, lita moja ya maziwa, samaki mzima wa wastani na kikombe cha maharagwe, kisha mwambie mtu mwenye maumivu avimalize vyote leo, na kesho, na keshokutwa. Juu yake vitamini C, A na D, na yale madini yanayotoka na maji ya vidonda: zinki, shaba na seleni. Zinki peke yake haitoshi, kwa sababu ukiimimina kwa muda mrefu inaizuia shaba isiingie mwilini. Nililisema hilo mara nyingi kwenye mzunguko wa madaktari hadi daktari mmoja akaniita Mama Shaba.

Mpira ulifanya kazi. Siku za kuingizwa thieta kusafishwa vidonda chakula kilisimamishwa, na alipotoka tulifidia saa zilizopotea kwa kuongeza kasi. Kisha akaanza kumeza vizuri, akaanza kulalamika kwamba mpira unamkwaruza koo, na timu ikakubaliana utolewe. Nami nilikubali. Nikampangia chakula cha mdomo: uji wa maziwa wenye mayai na mafuta, dagaa wa omena waliosagwa, samaki, maharagwe. Kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa bendeji hadi ncha za vidole, lazima awepo wa kumlisha.

Wa kumlisha alikuwa mama mkwe wake. Kaka zake walikuwa mbali, mke alikuwa na mshono na mtoto mchanga, ndipo mama wa mke, aliyekaa Manyatta, akaamua kuja. Alikuja kila asubuhi na kikapu na leso mbili, akakaa kwenye benchi la korido nje ya mlango wa wadi. Wauguzi walifurahi. Ndugu akiwepo, sahani moja inawatoka mikononi.

Sahani zilirudi tupu. Kila siku, tupu kabisa. Lakini tulipompima kabla ya kufungwa bendeji mpya, uvimbe ukiwa umeshaisha, mizani ilisema kilo hamsini na saba, halafu wiki iliyofuata hamsini na nne na nusu. Daktari wa upasuaji alinikuta kwenye dirisha la ofisi yangu, akasema wazi: hatakata ngozi kwenye mapaja ya mtu anayeyeyuka. Pale unapotoa ngozi nako ni kidonda, na mwili usio na akiba hautaziba kimoja wala kingine. Akanipa muda mfupi. Asipoacha kushuka, wangeahirisha kupandikiza, na kifua kilicho wazi hakikai wazi bila wadudu kuingia.

Nilirudia hesabu yangu yote. Nilimshuku mpishi. Nilishuku maambukizi. Mwishowe nikaacha karatasi, nikaenda kusimama wadini saa ya chakula cha mchana, kitu ambacho nilipaswa kuwa na muda wa kukifanya kila siku na sina.

Mama mkwe aliingia na sahani, uso umeelekea ukutani, akaiweka juu ya kabati dogo la kitanda, akavuta pazia la upande wa mlango, akatoka. Hakumtazama. Na yule mkata miwa akageuza kichwa kwa mzee wa kitanda cha pili, akamwambia, "Jaduong', chukua. Kula haraka." Mzee, ambaye alikuwa na mguu uliovunjika na njaa nzuri sana, akaivuta sahani na kijiko.

Nilikasirika sana. Nikavuta kiti.

"Wewe unataka kufa?"

"Hapana, Daktari."

"Sasa chakula yako unapea mtu mwingine kwa nini?"

Akafunga macho. "Huyo ni maro. Ni mama ya bibi yangu. Mimi niko hapa uchi, niko na hizi bandage, halafu yeye anilishe? Mimi siwezi kufungua mdomo mbele yake. Hata wewe unajua."

Nilijua. Nimezaliwa huku huku. Baba yangu aliishi miaka mingi bila kula mezani pamoja na mama wa mama yangu, na wakikutana njiani mmoja alikuwa anapinda. Hiyo ni heshima, na mtu wa kwetu haitoi mwilini kwa sababu amelazwa kitandani. Tena heshima ndiyo kitu pekee alichobaki nacho kisichoungua. Hasira yangu ikaisha, ikabaki ile kazi tu.

"Ungeambia nurse akulishe."

"Nurse ni mmoja, Daktari. Nikiita, maro atasikia vile nimekataa chakula yake."

Kwa hiyo alikuwa anamwokoa na aibu mama mkwe, na mama mkwe, akitumaini nyuma ya pazia atapata wa kumlisha, alikuwa anamwokoa na aibu yeye, na katikati ya hayo mgonjwa alikuwa anakonda. Siku chache nilimlisha mwenyewe mchana. Jioni sikuwepo, wikendi sikuwepo, na muuguzi alikuwa na wagonjwa wengine wote. Haikutosha, na nilijua kwamba haitoshi hata kabla mizani haijasema.

Nikamwambia turudishe mpira. Akakataa katakata. Mpira, alisema, ni wa mtu anayeenda, alishaona waliokuwa nao na wapi walipelekwa. Nilimweleza kwamba ungekuwa mwembamba zaidi, kwamba ungefanya kazi zaidi akiwa amelala na mchana angekula kijiko kwa kijiko anapopata mtu. Akageuza uso.

Ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya pazia. Mama mkwe alikuwa amesogea hadi mlangoni, akabaki huko. Hakusema naye. Alisema na mimi, kwa sauti ya kutosha watu wawili.

"Daktari, nyathina, mtoto wangu, hebu nisaidie. Mtu akiwekewa chakula kwa mpira, anafungua mdomo?"

"Hapana, Mama. Inapita kwa pua."

"Anatafuna?"

"Hatafuni."

"Ako na sahani mbele yake?"

"Hana."

"Basi huyo hajakula," akasema. "Mtu anaweza kukaa hapo na asione mtu akikula. Hiyo ni kama dawa tu. Mwambie hivyo, kama ako karibu."

Alikuwa karibu, hatua chache tu. Nikamgeukia, nikamwambia yote upya kana kwamba hakuyasikia, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Mzee wa mguu alikuwa anacheka chini ya blanketi. Mkata miwa akaniambia, naye kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Mwambie nimeshukuru."

Mpira ukarudi. Tulipeleka sehemu kubwa ya kalori na protini usiku, na mchana muuguzi alimpa uji wenye mayai alipopata dakika. Tulipima sukari, tulipima potasiamu. Mizani ilikataa kupanda, lakini iliacha kushuka, na kwa mtu aliyeungua huo ni ushindi. Kisha ikapanda kidogo. Daktari wa upasuaji akakubali. Wakatoa ngozi mapajani, wakaitandaza kifuani na mikononi.

Siku ya kufungua bendeji nilisimama nyuma kabisa, nimeegemea ukuta. Sehemu kubwa ya ngozi ilikuwa imeshika, ya waridi na yenye unyevu. Kipande kidogo karibu na kwapa kilikataa. Daktari akasema iliyoshika inatosha, hicho kitaziba chenyewe.

Nilitoka koridoni kumpa habari mama mkwe. Nilianza kumweleza kuhusu ngozi, na mpaka leo sijui kama alisikiliza.

"Leo ameshiba?" akauliza.

"Ameshiba, Mama. Yote imeingia tangu usiku, na uji ya asubuhi juu yake."

Akaniuliza tena, nami nikarudia. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainama kwenye kikapu chake, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa leso, akageuza mgongo kwenye mlango wa wadi. Ndani mlikuwa na ugali uliokauka pembeni na samaki wa kukaanga. Ndipo nikatambua kwamba wiki zote zile, kuanzia asubuhi hadi jioni, sikuwahi kumwona akitia kitu mdomoni. Heshima ile ilimfunga na yeye pia, na zaidi ya heshima, asingemeza tonge mkwewe akiwa na njaa. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Nilipaswa kuwa nimeona, kuona hivyo ndiyo kazi yangu.

"Basi wacha na mimi nile," akasema.

Nikakaa kando yake kwenye benchi. Hakuniambia karibu, nami sikutaka. Alikula polepole, hadi mifupa ya samaki ikabaki myeupe, na mimi sikuhesabu kitu.