Kisukuku cha Soda

Nilipokuwa nikifundisha biolojia Rongai, niliwapeleka kidato cha nne kwenye mtaro mpya nyuma ya maabara. Nikatangaza, kama profesa, kwamba tabaka la chini ndilo kongwe, hivyo visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, hutuonyesha viumbe walivyobadilika. Msichana mmoja akachokora chini kabisa, akatoa kifuniko cha soda. Kumbe mtaro ulikuwa umechimbwa kwenye shimo la taka la zamani.

Kwenye mtihani niliuliza ni lini visukuku hupotosha. Msichana yule akajibu: “Matabaka yakiwa yamevurugwa, huku mwalimu hajui.” Nikampa alama zote. Swali lililofuata lilikuwa spishi hutowekaje. “Mazingira yakibadilika haraka kuliko spishi inavyoweza kubadilika,” aliandika, kisha akaongeza pembeni: “Pole, mwalimu, sasa ni zamu yako.”