Nafasi Aliyomwekea Mkewe

Tulimwita Mzee Koni, kwa sababu pale kwenye maegesho ya ukumbi hakuna aliyethubutu kusogeza koni zake. Uegeshe kwenye nafasi ya walemavu kwa kadi ya mgeni? Thubutu! Wakubwa wangapi aliwarudisha nyuma huku sisi walinzi wenzake tunatetemeka!

Siku ya mahafali ya binti yake aliiomba ofisini nafasi ya walemavu iliyo karibu na mlango, kama mgeni yeyote, kwa ajili ya mkewe anayetumia kiti cha magurudumu. Gari lao likaja na kibali cha walemavu kiooni, ila mwanawe mkubwa alikuwa peke yake.

Mzee akafoka: "Mama yako yuko wapi? Kama umeshamshusha mlangoni, peleka gari kule nyuma. Kibali ni cha mtu, si cha gari!"

"Baba, nimekupigia weee, simu umezima. Mama ametutoka asubuhi hii."

Nyuma yao gari lingine likapiga honi. Ndani alikuwemo bibi mmoja na magongo yake, kibali kiooni.

Mzee aliziondoa koni mwenyewe, moja moja.

"Mpishe, mwanangu," alisema. "Mwenzake mama yako amefika."