Bursi ya Sheferi

Nilikuwa nimeshatandika godoro langu bwenini, Kasongo, mwanzo wa mwaka wa tatu wa shule ya ualimu, mwalimu msimamizi aliponijia akaniambia nilikunje tena. Bursi yangu haikuendelezwa. Hakueleza zaidi. Jioni ileile kitanda kile alipewa mtoto mgeni wa mwaka wa kwanza, na mtoto huyo alikuwa mwana wa sekretere wa sheferi yetu, karani wa sultani.

Mtu wa kwetu, upande wa Wamaza, asingehitaji kuambiwa la pili.

Bursi ilitoka katika sanduku la sheferi, hazina ya eneo la sultani wetu. Baraza la sultani lilinilipia kitanda, chakula na nguo za shule kwa mapadri, nami nikimaliza ningefundisha kwetu miaka kadhaa. Baba alikuwa ametia dole gumba kwenye karatasi, katika barza, kibaraza cha nyumba ya sekretere. Karatasi ilisomwa kwa Kifaransa, kisha sekretere akaifupisha kwa Kiswahili: mutoto asome vizuri, akimaliza arudi kufundisha. Maneno hayo ndiyo baba aliyorudi nayo nyumbani.

Kesho yake padri mkurugenzi aliniita akanieleza yaliyobaki. Bursi ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Kila mwisho wa mwaka buletini, karatasi ya alama, ilipelekwa kwa sekretere, baraza likaiangalia, ndipo likaamua. Lilitaka alama sitini kwa mia kwa jumla, lakini pia mwanafunzi asipungue nusu katika Kifaransa wala hesabu, na tabia yake iandikwe nzuri. Jumla yangu ilipita sitini. Kifaransa nilianguka, kwa sababu homa ilinilaza hospitali wiki ya mitihani, na ile imla niliiandika siku niliyotoka.

Nikamwambia nilikwisha kuurudia mtihani ule mwisho wa likizo, nikafaulu.

“Mtihani wa pili unakupandisha darasa,” alisema. “Bursi wanatazama mtihani wa kwanza tu. Shule ni yangu, mwanangu. Bursi ni ya sheferi.”

Baba aliposikia alikwenda moja kwa moja kwa sekretere, akamwambia mbele ya watu kwamba ameichukua nafasi yangu akampa mwanawe. Sekretere alimkumbusha tu kwamba karatasi ile ilisema hivi: mwanafunzi akiacha shule kabla ya kumaliza, jamaa yake wanarudisha yote aliyolipiwa. Baba hakuwa na fedha za kunilipia bweni, na kwa karatasi ile hakuweza kunirudisha nyumbani. Alipanda lori la pamba akaja Kasongo, akakaa kwenye jiwe nje ya shule mpaka nikatoka.

“Ile mutu alijua,” akasema. “Ananifunga miguu, halafu ananiuliza kwa nini sitembei.”

Kulikuwa na njia moja: niendelee kusoma nikilala nje ya bweni. Baba alimjua mjane mmoja Mwislamu, mwenye duka dogo la mchele na sabuni, kwa kuwa zamani alikuwa akimuuzia mumewe karanga. Mama huyo alinipa kulala stoo, kati ya magunia. Nilimbebea maji na kumtwangia mpunga, naye akanilisha.

Lakini alinilisha barazani. Mlango wa ndani aliufunga kwa komeo hata mchana. Kaka zake waliokaa naye waliamini nimetumwa na mapadri nichunguze nani anafundisha watoto Kurani katika mtaa ule, maana Bwana Ajenti wa serikali hakupenda habari hizo. Nikiingia, mazungumzo yalikatika. Nikikohoa usiku, mtu alikuja kusikiliza mlangoni.

Shuleni nako waliniwekea jicho. Mwenzangu wa dawati aliniuliza, kama kwa mchezo, iwapo nimeshajifunza kusujudu. Katekista alianza kupita mbele ya duka siku za Ijumaa, na hakuwahi kununua kitu. Jumapili alihakikisha ananiona nikikomunika altareni. Buletini ya robo ya kwanza ilipotoka, Kifaransa kilikuwa kimepanda, na hesabu pia. Tabia iliandikwa “wastani”. Hakuna aliyeniambia nilikosa nini. Nilijua tu kwamba kwa neno lile moja bursi isingerudi hata nikipata alama mia.

Toka hapo na mimi sikumwamini mtu. Nilimshuku mwenzangu wa dawati, nikamshuku mwana wa sekretere kila aliponisalimu, na alinisalimu kila siku. Siku moja alinigawia muhogo wake. Niliuficha mfukoni, nikautupa njiani.

Alasiri moja padri mkurugenzi alikuja dukani bila kubisha hodi ya maana. Alinikuta stoo, nikinakili somo juu ya gunia. Alitazama huku na huku. Mama wa nyumba alisimama nyuma yake, kanga ameivuta mpaka usoni, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinisemea kwa padri.

“Mompere, huyu mutoto iko analala hapa kwa sababu ninyi mulimutoa kwenye kitanda. Mukiogopa tutamubadilisha, mumurudishie kitanda yake.”

Padri aliona rozari yangu imening'inia msumarini, juu kabisa ya magunia, mahali ambapo kila aliyeingia angeiona. Alinunua sabuni akaondoka. Robo iliyofuata tabia yangu iliandikwa “nzuri”, na mama yule akaanza kuniita ndani kula. Komeo alilitumia usiku tu.

Mwisho wa mwaka nilipita sitini katika mtihani wa kwanza, na Kifaransa kikavuka nusu kwa shida. Padri aliniandikia ombi la kurudishiwa bursi. Akiwa anaandika, akasema bila kuinua macho kwamba mwaka ule wa nyuma ningeweza kuomba pia: mgonjwa mwenye cheti cha daktari aliweza kupewa mwaka mmoja wa majaribio, mradi baba yake aombe kabla shule haijafunguliwa. Nilimuuliza ni nani aliyepaswa kutuambia.

“Sekretere,” alisema.

Katika likizo nilimpelekea sekretere ombi lile mimi mwenyewe. Alilipokea vizuri. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia habari za mwaka wa majaribio, naye wiki ile ya homa alikuwa Kasongo kwa kazi ya kodi, akapita hospitali kuniona na kuniletea muwa.

“Nilijua uliugua,” alisema. “Buletini ilinifikia. Hapakuja mutu kuniuliza. Baba yako alikuja siku moja tu, na hakuja kuuliza.”

“Wakati ule muda ulikuwa umekwisha.”

“Ndiyo,” akasema. “Ulikuwa umekwisha.”

Baraza lilinirudishia bursi kwa mwaka wa mwisho, na mwana wa sekretere hakuondolewa. Bursi yake ilikuwa nyingine, mbali na yangu. Sanduku la sheferi lilitosha kutusomesha wawili. Nilipomweleza baba kwamba hakuna aliyechukua nafasi yangu, aliniuliza nani aliyeniambia. Nikasema ni sekretere. Akacheka, akaendelea kulima. Alikufa akiamini vilevile, na mimi hata leo siwezi kuapa kwamba alikosea.

Nilirudi kufundisha Wamaza kama karatasi ilivyotaka. Sekretere alipita mara kwa mara na karatasi za kutia sahihi. Tulisalimiana kwa heshima, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikakaa nikaisoma kila moja mpaka mstari wa mwisho, naye akangoja amesimama juani.