Mstari Aliouandika Hamisa

Nakwambia ukweli, mie si mtu mzuri. Hamisa wa Temeke ndiye mtu mzuri, na hana kazi.

Tulikuwa ofisi moja Kinondoni, kwa Mzee Shamsuddin, tukitengeneza tovuti za watu. Hamisa alijifunzia kazi kwenye kompyuta ya kuazima, na skripti ya kupeleka mafaili kwenye seva aliiandika mwenyewe. Iliingia kwa ufunguo wake wa ssh, yaani faili la siri linalomtambulisha kwa seva, kisha programu ya rsync inalinganisha folda yetu na ya seva: kipya kinapanda, kisichokuwepo kwetu kinafutwa kule. Isipokuwa folda ya picha. Hiyo aliitenga kwa mstari mmoja, juu yake akaandika: usiguse, picha za watu hazina nakala.

Zilikuwa picha za ukoo ambazo familia za jamaa zake mzee zilipandisha zenyewe, moja kwa moja kwenye seva. Harusi, marehemu, watoto wa zamani. Kila mara Hamisa alianza na jaribio lisilobadilisha kitu, akasoma orodha ya vitakavyofutwa, ndipo anatuma. Nilikuwa namchekaga kwa woga wake.

Siku hiyo mteja alitaka nembo mpya. Nikaiweka kwenye folda ya picha, na kwa kuwa folda imetengwa, haikupanda. Hamisa alikuwa chumba cha nyuma anaswali adhuhuri. Mie mgeni, ufunguo wangu haujawekwa kwenye seva, basi nikakaa kwenye kompyuta yake, nikafuta ule mstari, nikatuma bila jaribio. Nembo ikapanda. Picha elfu moja na mia nne, ambazo kwetu hazikuwepo, zikafutwa. Nikaurudisha mstari mahali pake na kwenda kununua chipsi.

Kesho yake simu zikaanza. Kumbukumbu za seva zilionyesha saa saba kasoro dakika kumi, kwa ufunguo wa Hamisa, kutoka ofisini. Mzee alimwita mbele yangu.

"Muda huo nilikuwa naswali, mzee," Hamisa akasema. "Jonas alikuwepo, muulize."

Mzee akanigeukia. Nilikuwa nimebakiza wiki moja niajiriwe rasmi.

"Sikumbuki," nikasema.

Hamisa aliniangalia mpaka nikaangalia sakafu. Alaniwe aliyenizaa na ulimi huu.

Mzee akamfukuza, akamwamuru anikabidhi kazi kabla ya kuondoka. Alikaa nami saa nzima, akaniwekea ufunguo wangu kwenye seva, akanionyesha jaribio linavyofanywa, kwa upole, kama vile hajui nani kafuta zile picha. Alipobeba mkoba wake akasema, "Soma orodha kwanza, Jonas. Kila siku."

Kisha mzee akaniambia niondoe ufunguo wake. Nikafungua faili la funguo. Mistari miwili: wangu, na wa kwake, mwishoni umeandikwa jina lake. Huo niliufuta, na safari hii nilisoma kwanza.