Akaunti Iliyotolewa kwenye Simu ya Mathe

Nilijifunza kutengeneza programu za simu peke yangu, chumbani Nakuru. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia nimefaulu, kwa hiyo kila lalamiko hunifikia kama hukumu.

Programu yangu huwatahadharisha wakulima wa viazi kabla ya siku za ukungu, ugonjwa wa kukausha majani unapoenea. Tahadhari ni za waliolipia msimu. Jumatatu, dada mmoja anayefanya kazi mjini aliniandikia: "Boss, tulilipa. Mbona simu ya mathe kule Dundori inasema hatujalipa?" Akatuma picha kutoka simu yake. Duka la programu lilionyesha malipo yapo na hayajaisha.

Basi kosa ni langu, nikaamua. Siku mbili nilipekua kazi yangu mstari kwa mstari. Dirishani, ukungu ulikuwa umekalia vilima vya Dundori na haukuondoka. Sikumuuliza yule dada swali hata moja. Niliogopa angegundua sijui.

Jumatano nikapanda mwenyewe hadi Dundori. Mama yake alinipokea mlangoni, simu mkononi.

"Ni wewe mwenye simu ya ukungu?"

"Ni mimi, mathe."

"Binti anasema tulilipa, na imenyamaza wiki hii. Nikasema basi hakuna ubaya, dawa ingoje."

Nilifungua duka kwenye simu yake, nikagusa picha ya mwenye akaunti. Ilikuwapo akaunti moja tu, yake, na haikuwa na malipo yoyote. Nikampigia binti yake.

"Ulilipia kwa simu gani?"

"Hiyo ya mathe. Niliingiza akaunti yangu, nikalipa, halafu nikaitoa nikirudi tao kazini. Ama ningemwachia asome barua pepe zangu?" Akacheka. "Lakini hapa kwangu inaonekana."

Ilionekana kwake kwa sababu duka huandika malipo kwa akaunti, si kwa simu. Simu ya mama ilikuwa na akaunti nyingine, na programu yangu ilisoma hiyo. Kazi yangu haikuwa na hitilafu. Ilichosema ni "Hujalipia" tu, bila kumwambia mtu aangalie akaunti iliyo dukani. Sentensi hiyo niliiandika mimi, na niliipenda kwa ufupi wake.

Binti alinisomea nywila, kisha namba ya kuthibitisha iliyomfikia. Nikaingiza akaunti yake, nikaichagua dukani, nikarudi kwenye programu, nikabonyeza "Rejesha malipo". Ikafunguka mara moja.

Tahadhari zilijipanga, nyekundu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Piga dawa leo. Piga dawa leo. Piga dawa leo.

Mama alizisoma polepole, akanirudishia simu, akatoka kwenda shambani. Nikamfuata. Aliinama kwenye mche wa kwanza, akageuza jani. Ugonjwa ulikuwa umeshafika: doa jeusi, na upande wa chini utando mweupe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo.

Akaenda mche wa pili. Kisha wa tatu. Hakuniangalia.